Shukrani za Dhati kwa Mtu Aliye Hai

Mimi kazi yangu ni fotokopi, na nasema mapema ili mtu asije akadhani najifanya mtaalamu wa maneno. Natoa kopi, nalaminisha vitambulisho, nakata picha za pasipoti. Mtaalamu alikuwa yule wa meza ya pili, karibu na dirisha, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Shukrani. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini hata msoma mita za umeme akiingia dukani alikuwa anauliza, "Bi Shukrani yupo?"

Alichapa barua kwenye steshenari ile miaka ishirini na sita. Barua za kuomba kazi, za kuomba likizo, mikataba ya nyumba, vyote alichapa. Ila kilichomletea watu kutoka mitaa ya mbali ni shukrani. Familia ikimaliza msiba, mzee akistaafu, mwanafunzi akimaliza chuo na kutaka kuwashukuru waliomsomesha, wote walikuwa wanakuja kukaa kwenye kile kiti chake kibovu. Mteja anamwaga yote ovyo ovyo, analia, anarudia jambo moja mara nne, anamsahau jirani kisha anamkumbuka. Bi Shukrani anasikiliza tu, kalamu ameichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. Baada ya nusu saa mteja anaondoka na ukurasa mmoja uliopigwa pasi.

Alinifundisha kanuni zake, ingawa sikumwomba. Kwenye karatasi, asante inakaa juu na inakaa mara moja. Ukiirudia unaonekana umeishiwa. Kisha sababu, kisha watu kwa ngazi zao, kisha unawaomba radhi ambao hukuwataja, kisha unamwachia Mungu, kisha nukta. Anayeshukuru awe "familia", au "sisi sote". "Aliyeandika asionekane," alikuwa ananiambia. "Akionekana, watu wataanza kumwangalia yeye."

Sasa mama huyu alikuwa na binti mmoja, wa miaka ishirini na tatu, na figo za binti zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki alilazwa pembeni ya mashine saa nne nzima damu ikitolewa, ikisafishwa, ikirudishwa. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe kidogo cha kahawa, na kikombe hicho alikuwa anakitazama kabla hajakigusa, mpaka ukitaka kutoka nje usione. Mshipa wa mkono waliokuwa wanauchoma sindano ulikuwa umeanza kuziba. Daktari aliwaambia wazi kwamba mshipa ule hautawafikisha mbali.

Ndugu wote walipimwa. Aliyefaa ni mmoja tu, kaka yake Bi Shukrani, fundi wa kuchomea mageti, anayeishi mji wa mbali kidogo, mwendo wa saa nne kwa basi. Alikuja mara tatu. Alitolewa damu, akapigwa picha, akalazwa na njaa, akasikilizwa moyo. Mara ya mwisho madaktari walisema anafaa, na siku ya kulazwa ikapangwa, Jumatatu saa mbili asubuhi. Akikosa, foleni inasogea, na nafasi nyingine ni baada ya miezi minne. Fundi alipanda basi kurudi kwake, na neno alilowaachia lilikuwa, "Haya, tutaonana."

Hakusema ndiyo. Ukiniuliza leo nitakwambia sote tulisikia ndiyo kwa sababu tulikuwa na njaa nayo.

Jumanne, siku sita kabla ya kulazwa, Bi Shukrani aliamua kumshukuru kaka yake. Aliuchapa ujumbe kwanza kwenye kompyuta, akausahihisha mara mbili, ndipo akaunakili kwenye simu na kuutuma. Aliniita niusome.

"Kwa kaka yetu mpendwa. Familia inapenda kutoa shukrani za dhati kwa moyo wa upendo na kujitolea uliouonyesha kwa kumpa binti yetu figo yako. Si rahisi kutaja yote uliyotutendea. Maneno hayatoshi. Hatuna cha kukulipa, Mwenyezi Mungu pekee ndiye atakayekulipa. Daima utabaki mioyoni mwetu."

Nikamwambia ni mzuri. Sikumdanganya. Kwenye kioo ulikuwa mzuri kweli, kwa sababu jicho la mtu aliyezoea matangazo ya shukrani gazetini linateleza juu ya "shukrani za dhati" bila kugusa chini. Ni maneno ya kuvaa, unayaona heshima yake na unapita.

Jumatano asubuhi tiki mbili bado zilikuwa za kijivu. Fundi hakuufungua. Kusoma anajua, lakini mwanga wa kuchomea ulishamharibu macho miaka mingi, na herufi za simu zinamchezea. Yeye ni mtu wa sauti. Ukimtumia ujumbe wa sauti anausikiliza huku anafanya kazi, naye anakujibu kwa sauti, na nyundo unaisikia kwa nyuma.

Basi nikafungua mdomo wangu. "Mama, mtumie sauti."

Hapo nina sehemu yangu ya lawama na sikatai. Nilidhani ataongea. Yeye akavaa miwani, akachapisha ule ukurasa, akauweka mbele yake kwenye kishikizo cha karatasi, akakohoa kidogo, akabonyeza simu na kusoma. Alisoma vizuri, hiyo ndiyo balaa yenyewe. Kila mkato alipumzika, kila nukta alishusha sauti. Nilizima mashine ili isimwingilie. Alipofika "daima utabaki mioyoni mwetu" nilijua kuna kitu hakiko sawa, ila sikujua ni nini. Dakika moja na sekunde nane. Akatuma, akavua miwani, akarudi kwenye mkataba wa mtu.

Alama ya kipaza sauti ikawa bluu baada ya muda mfupi, ameisikiliza. Jibu halikuja. Mchana ikaingia sauti, lakini ya wifi yake, mke wa fundi. Bi Shukrani aliiweka wazi nami nikaisikia.

"Wifi, umemfanya nini mume wangu? Aliiweka simu kwenye spika pale karakana, mafundi wote wakasikia. Mmoja akavua kofia, akauliza nani amefariki. Mume wangu akazima mashine, akakaa juu ya ndoo. Mpaka sasa hajala. Ananiambia dada yake ameshamwandalia tangazo. Na simu ameizima, usimtafute."

Bi Shukrani alinitazama kama mimi ndiye nimesema. "Mbona ni maneno yaleyale niliyoandika?"

Nina hasira za karibu, watu wananijua. "Ndiyo, yaleyale, na ndiyo kosa," nikamwambia. "Hebu jisikilize."

Tukajisikilizia pale kaunta. Mama wa watu alisikia sauti yake mwenyewe ikisema "kaka yetu mpendwa", na mdomo ukamshuka. Maana nani duniani anamwita kaka yake hivyo kwa mdomo? Karatasi haina koo. Anayeisoma anaitia sauti anayotaka, akichoka anaruka mstari, akitaka anarudia pale palipompendeza. Ukisema, unampelekea koo lako na pumzi yako, na hawezi kuruka. "Familia inapenda" kwenye karatasi ni adabu. Ukiisikia kwa sauti ya dada yako, unamsikia mmoja tu anapumua, unajiuliza hiyo familia nyingine iko wapi, imekaa kwenye mkeka gani. Na vile vituo, na sauti inayoshuka kila mwisho wa sentensi, tunavisikia siku gani? Siku mtu anasimama mbele ya jeneza na karatasi mkononi.

"Nimemzika," alisema. "Nimemzika kaka yangu kabla hawajampasua."

Na kulikuwa na baya zaidi ambalo tuliliona tuliposikiliza mara ya pili. "Uliouonyesha kwa kumpa binti yetu figo yako." Hajatoa bado. Kwenye barua watu tunatanguliza shukrani kila siku, kila barua ya maombi aliyochapa ilimalizika hivyo, na hakuna aliyewahi kukasirika. Kwa mdomo, kumshukuru mtu kwa kitu kilicho bado mwilini mwake ni kumnyang'anya huku unatabasamu. Kama fundi alikuwa na woga, na alikuwa nao, pa kuuweka hatukumwachia.

Alhamisi binti alizimia kwenye mashine, presha ilishuka. Walimrudisha, lakini muuguzi mmoja mnene, anayependa utani, siku hiyo hakutania. Bi Shukrani alitoka kule akaja moja kwa moja dukani, Ijumaa mchana, bila hata kubadilisha nguo za jana. Aliingia chumba cha nyuma, kwenye maboksi ya karatasi, akakaa na simu na karatasi aliyoandika mistari miwili mitatu.

"Nitamtumia nyingine," alisema. "Akiwasha ataikuta."

Akabonyeza, akaanza. "Napenda kuchukua fursa hii." Akafuta. "Kaka, ni matumaini yangu kuwa." Akafuta. "Kwa niaba ya." Akafuta. Mara kumi na moja, nilihesabu. Miaka ishirini na sita ya kuficha mtu nyuma ya maneno, na sasa mtu mwenyewe hatoki. Mara ya kumi na moja nilicheka, nikajuta, kwa sababu yeye alikuwa analia.

Nilimnyang'anya karatasi. Nikamvua na miwani, nikamchomoa kalamu kichwani. "Mama, kaka yako akitokea mlangoni sasa hivi, utaanza kumwambia nini?"

"Nitamuuliza kama amekula."

"Basi anzia hapo. Asante itakuja yenyewe."

Akabonyeza. Kisha akaongea, nami nayaandika haya jinsi yalivyotoka, ingawa yakikaa hapa yanapoteza nusu ya uzito wake.

"Kaka. Kaka, umekula? Wifi ameniambia hujala. Kula bwana. Ile sauti niliyokutumia ifute, nilikuwa nasoma. Niliandika halafu nikasoma, nisamehe kaka. Nilikuwa nataka… asante. Asante kwa kuja ile siku ya mvua, viatu vimelowa mpaka soksi. Na njaa yote ile, wakakutoa damu sijui vichupa vingapi, na wewe sindano unaziogopa toka utoto, siku ya chanjo ulipanda juu ya paa, unakumbuka? Mama akakutishia na ngazi akaiondoa." Hapo alicheka, na kicheko kikamkwama. "Asante bwana. Yaani we acha tu. Asante kwa kupima, hiyo umeshanipa na hakuna wa kuichukua. Hii ya mbele… ukiogopa, sema. Mimi naogopa. Naogopa kwa mtoto na naogopa kwako. Ukisema hapana wewe ni kaka yangu, sitakununia, utakuja nyumbani tutakula kama kawaida. Ila asante." Akapenga kamasi, kwa nguvu, bila hata kuigeuza simu pembeni. "Haya. Kula basi. Asante kaka."

Asante sita, na hata moja haikuwa ya dhati kwa jina. Hakuna hata moja iliyokaa mahali alipozoea kuiweka. Zilikuja katikati, zikakatika, zikarudi, kila moja na sauti yake. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama ya mtu anayebisha hodi, na ya mwisho ilikuwa ya kuaga kwenye simu tu. Karatasini ningezifuta tano. Masikioni, ukiifuta hata moja mtu anaonekana ana haraka.

Alituma. Kisha akakaa akitazama simu, na nikaona uso unabadilika.

"Nimemwambia anaweza kukataa," alisema.

"Ndiyo."

"Mtoto wangu amebaki na mtu mmoja tu wa kumwokoa, na mimi nimemfungulia mlango aondoke." Akaisogeza simu karibu. "Mimi ni mama wa namna gani? Naifuta."

Ilikuwa inawezekana. Tiki ilikuwa moja, fundi simu ameizima, ukifuta wakati ule hakuna atakayejua. Alibonyeza ule ujumbe, maneno ya kufuta yakatokea, kidole kikasimama juu yake. Sikumwambia afute wala asifute. Ningesema nini mimi, mtu wa fotokopi ambaye hajazaa? Alikaa na kidole hivyo mpaka kioo kikazima chenyewe. Alipokiwasha tena, tiki zilikuwa mbili. Na tukiwa tunatazama, kipaza sauti kikawa bluu.

"Anasikiliza," nikasema.

Dakika moja na nusu ya sauti. Tulisubiri dakika kumi. Tulisubiri mpaka duka linafungwa. Hakujibu Ijumaa, hakujibu Jumamosi, na Jumapili Bi Shukrani alimkuta binti yake anachezea kile kikombe cha kahawa kitupu, anakizungusha mezani, na binti akamuuliza, "Mjomba atakuja?" Alimjibu kwamba mjomba amesikia. Aliniambia hilo ndilo jibu pekee la kweli alilokuwa nalo.

Jumatatu nilimsindikiza. Binti alikuwa ameshapokelewa wodini. Sisi tulikaa kwenye benchi la korido, tukitazama mlango wa kuingilia. Saa moja na nusu, hakuna mtu. Saa mbili kasoro robo, hakuna mtu. Saa mbili kamili karani akatoka na faili, akauliza mtoaji yuko wapi, na Bi Shukrani akasimama, akautazama mlango. Akakaa tena. Mikono ilikuwa inatafuta kalamu kichwani ambayo haikuwepo, nilikuwa nimeiacha dukani kwa makusudi.

Saa mbili na dakika kumi na mbili fundi aliingia na mfuko wa plastiki, ndani taulo na ndala. Alikuwa amenyoa.

"Mnanitolea macho ya nini?" alisema. "Basi lilipata pancha."

Dada yake alimshika mkono wa shati, hakuuachia.

Lakini ilibaki ofisi moja, na hiyo hatukuijua. Kabla ya kupasua, ofisa ustawi anamhoji anayetoa, ahakikishe hajalazimishwa wala hajahadaiwa. Alikuwa mama mkavu, hacheki, mwenye uwezo wa kusimamisha kila kitu kwa sahihi moja. Alimuuliza fundi ni nani aliyemwomba na kwa maneno gani. Fundi alimpa simu, akamwambia soma. Ofisa alisoma ule ujumbe wa Jumanne, akanyanyua uso.

"Hapa umeshashukuriwa kwa figo ambayo bado unayo," alisema. "Mtu akishukuriwa hivi anakataaje?" Akamtazama Bi Shukrani kwa jicho ambalo sitalisahau, akaiweka kalamu chini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Ndiyo maana nilizima simu," fundi alisema. "Bonyeza hiyo ya chini kabisa."

Ofisa alibonyeza. Chumba kizima kilisikia mvua, soksi, paa, ngazi. Kilisikia "ukiogopa, sema". Bi Shukrani aliinamisha kichwa, aibu imemjaa, maana mambo ya mwanamke na kaka yake hayachezwi ofisini. Kisha kikasikika kile kishindo cha kamasi.

"Hapo," fundi alisema akinyoosha kidole, "hapo alipopenga kamasi ndipo nilipokwenda kutafuta mfuko."

"Kwa hiyo ulijua unaweza kukataa?"

"Si ameniambia mwenyewe? Ningekuwa sitaki, saa hizi niko kwenye geti la mtu." Alikuna shingo. "Naogopa, sikufichi. Lakini tunaogopa wote."

Ofisa alichukua kalamu, akaandika kwa muda mrefu, akatia sahihi.

Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu kabla ya saa tano. Dada yake alitembea pembeni mpaka pale kwenye mstari mwekundu ambao ndugu hawavuki. Alifungua mdomo, na mimi namjua, niliona kabisa linalokuja ni refu.

"Wewe," fundi akamkatiza. "Usiniandikie kitu mpaka nitoke."

Tulikaa kwenye benchi. Sitaeleza saa zile. Fundi alitoka salama, wakampeleka wodi ya wanaume, sisi hatukuruhusiwa kumwona, mkewe tu, aliyefika mchana, ndiye aliruhusiwa kukaa naye. Binti alitoka baadaye, mirija kila mahali, nasi tukaambiwa tusubiri, kwa sababu figo inaweza kuwekwa vizuri na bado ikagoma. Bi Shukrani hakulia wala hakuomba kwa sauti. Alikuwa anatazama kucha zake.

Saa kumi na moja jioni alitoka yule muuguzi mnene, akajifutia mikono kwenye aproni. Alisema figo haijagoma, mfuko wa mkojo umeanza kujaa.

Bi Shukrani aliichukua simu. Hakuvaa miwani. Alibonyeza na kuileta mdomoni, mkono wa pili ameziba sikio kana kwamba pale korido kuna kelele.

"Kaka," alisema. "Amekojoa." Nikasikia pumzi inaingia na kutoka. "Amekojoa, kaka."

Sekunde tisa. Akaituma bila kuisikiliza.